Usimtajie mkulima dawa kabla hujaona panapokutana pabichi na pakavu

Swali: "Wakuu, nasimamia grupu la wakulima wa korosho huku Nachingwea. Watu wanatuma picha za mikorosho, nyingi hazionekani vizuri au ni kipande tu cha tawi. Niwaulize maswali gani na niwaombe picha gani za ziada? Kuna mmoja ana miti 60, maua yamekauka na kuwa meusi, nataka nimwambie apige salfa tu."

Acha kwanza. Usimwambie apige salfa. Shada la maua lililokwisha kukauka halikuonyeshi chochote. Ubwiriunga hulikausha, mbu wa mikorosho hulikausha, blaiti nayo hulikausha, na kwenye picha yenye ukungu yote matatu ni kitu cheusi kwenye ncha ya tawi. Piga hesabu ya huyo mtu wako: miti mikubwa 60, robo kilo ya salfa kwa mti, ni kilo 15 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko hufuatana kila baada ya siku 14. Ongeza mafuta ya bomba na mtu wa kulibeba. Kama aliyekausha yale maua ni mbu wa mikorosho, salfa yote hiyo imepulizwa bure, kwa sababu salfa haiui mdudu yule. Wiki 2 anazosubiri kuona matokeo, mdudu anaendelea kufyonza machipukizi yaliyobaki. Na hata kama ni ubwiriunga, ua lililokwisha kuwa jeusi halirudi. Salfa inalinda yale ambayo bado hayajashikwa.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya kuomba, kabla ya nyingine yoyote, ni ya shada ambalo limeanza kuharibika lakini bado lina ubichi. Mwambie apige pale hasa panapokutana sehemu hai na sehemu iliyokufa, na bua la kijani lionekane kushuka chini urefu wa kiganja. Bua ndilo linalotenganisha. Mbu wa mikorosho anapofyonza anaacha vidonda virefu vyeusi vilivyobonyea kwenye bua lenyewe, mara nyingine na utomvu umetoka, na kutoka hapo shada au chipukizi zima hunyauka kuanzia nchani. Kwenye ubwiriunga huvioni vidonda vile. Utaona unga mweupe wa kijivujivu umefunika vitumba, vitumba vinashindwa kufunguka, vinageuka kahawia na kisha vyeusi kimoja kimoja, huku bua likiwa bado limesimama. Picha isiyoonyesha bua irudishe, hata kama ua limetoka vizuri namna gani.

Picha ya pili ni ya majani machanga ya tawi hilohilo, juu na chini ya jani. Madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi au mwekundu, hasa kama kumekuwa na mvua au unyevu mwingi, yakupeleke kwenye blaiti, na hapo salfa si dawa yake. Kama korosho changa zipo, zipigwe picha nazo, maana blaiti huzishika pia. Picha ya tatu ni ya mti mzima kutoka mbali, na miti ya jirani ionekane. Mti mmoja uliokauka wote, majani bado yananing'inia, ilhali wenzake wako kijani, si habari ya maua tena. Huo unaweza kuwa mnyauko wa fuzari, na wa kuutazama ni afisa ugani shambani, si grupu.

Sasa maswali. Kosa ninaloliona kila msimu ni kumuuliza mkulima, "Je, kuna unga mweupe?" Atajibu upo. Mtu aliyeumizwa na shamba lake atakubali chochote kinachoelekea kwenye dawa. Muulize, "Ukitazama kitumba ambacho hakijafunguka, unaona nini juu yake?" Halafu nyamaza, usimsaidie maneno.

Swali linalofuata ni lile wanaouza dawa hawaulizi kamwe: "Mara ya mwisho ulipuliza nini, na lini?" Salfa iliyobaki juu ya majani nayo ni unga. Kwenye picha iliyopigwa juani, ule umanjano wake hupotea na kuonekana mweupe, na mtu wa dukani anayetazama simu ya mteja kwa sekunde 3 anasema "ubwiriunga huo, ongeza salfa". Nakasirika kila ninapoliona hilo, kwa sababu anayelipa si yeye. Vumbi la barabara hudanganya vilevile kwa mashamba yaliyo kando ya njia ya magari. Ukiwa na shaka, mwambie apanguse kwa kidole kitumba kimoja, kisha apige picha ya kidole na kitumba pamoja. Salfa itaacha rangi ya manjano na harufu yake anaijua.

Muulize pia picha imepigwa leo au lini, na kama ni ya shamba lake. Picha husambaa kutoka grupu hadi grupu, unaweza kuwa unatibu mti wa Tandahimba wa mwaka jana. Kisha muulize uharibifu ulianzia wapi kwenye mti. Ubwiriunga hupenda kuanza kwenye machipukizi ya ndani yenye kivuli na hewa nzito, yale maotea ambayo hayakupogolewa. Akisema ulianza huko, omba picha ya ndani ya mti, chini ya matawi.

Kuhusu ukungu wa picha wenyewe, sababu kubwa ni kusogeza simu karibu mno. Simu nyingi za kawaida haziwezi kuona vizuri chini ya sentimita 10. Ashike simu umbali wa shubiri moja, afute kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, aweke kiganja cha mkono wa pili nyuma ya shada ili kamera isikimbilie kutazama majani ya mbali, aguse shada kwenye skrini, ndipo apige. Asivute kwa zumu. Kwenye WhatsApp achague HD kabla ya kutuma, au aitume kama `Document`, vinginevyo picha inabanwa na vidonda vya kwenye bua vinayeyuka. Umande ukishakauka ndiyo saa nzuri, maana maji juu ya vitumba yanang'aa na kufanana na unga.

Ujumbe wa kumtumia huyo wa miti 60 uwe hivi, unakili tu:

"Ndugu, usinunue dawa kwanza. Tafuta shada lililoanza kukauka lakini bado lina ubichi. Piga picha 2 za shada hilo, bua lake lionekane kushuka chini urefu wa kiganja. Piga 1 ya upande wa juu wa majani machanga ya tawi hilo, 1 ya upande wa chini, na 1 ya mti mzima na majirani zake. Niambie ulipuliza nini mara ya mwisho na tarehe, na tatizo ulilionea wapi kwanza: ndani ya mti au nje."

Akirudisha picha zenye ukungu mara ya pili, usikisie. Akate tawi lenye shada la namna hiyo, alifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki maana litaoza njiani, alipeleke siku hiyohiyo kwa afisa ugani wa kata. Akishindwa naye, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele hapo Mtwara ndicho kinachoshughulika na korosho.