Kutoka Kampala hadi Lusaka kwa Basi: Ubebe Fedha Taslimu Kiasi Gani?

Anayesafiri kwa basi kutoka Kampala hadi Lusaka kwa kupitia Nairobi, Arusha na Dar es Salaam hushika fedha za nchi nne, na aina ya tano ni dola za Marekani anazozificha ndani ya nguo. Njia hii nimeipita kwa shughuli za biashara, na swali ninaloulizwa na ndugu na marafiki kabla ya safari zao ni hilo hilo: nibebe taslimu kiasi gani? Wengi huanza kwa kuchukua jumla ya bajeti na kuigawa nusu kwa nusu, nusu mfukoni na nusu benki. Mimi naona kipimo hicho hakina msingi. Kiasi cha taslimu kinapaswa kutokana na mambo mawili: kipande kirefu zaidi cha njia ambapo hutaki kutegemea mashine ya ATM, na gharama ya kurudi nyumbani ikiwa kadi na simu vyote vitagoma ukiwa mwisho kabisa wa safari.

Nitaeleza kwa mfano wa binti ya dada yangu, ambaye alikuwa akienda kwa kaka yake Lusaka na akataka kukaa njiani siku kadhaa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Alinijia na daftari akasema, "Mjomba, nimeshaandika kila kitu, lakini sijui nikiondoka Kampala mfukoni niwe na nini." Viwango nitakavyovitumia nimevikadiria ili viwe rahisi kukokotoa, yaani dola moja kwa shilingi 3,600 za Uganda, shilingi 130 za Kenya, shilingi 2,500 za Tanzania au kwacha 25 za Zambia. Msomaji aweke viwango vya siku yake mwenyewe. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Bajeti yote tuliiandika kwa shilingi ya Uganda, kwa sababu ndiyo fedha ambayo mshahara wake unaingia na ndiyo anayoihisi uzito wake. Siku nne za Nairobi kwa shilingi 4,500 za Kenya kwa siku zilifika 18,000, sawa na takriban 500,000 za kwetu. Siku kumi za Tanzania kwa 75,000 kwa siku zilifika 750,000 za huko, yaani 1,080,000 za Uganda. Siku sita za Zambia kwa kwacha 800 kwa siku zilikuwa kama 690,000. Nauli za mabasi yote kutoka Kampala hadi Lusaka tulizikadiria kuwa 700,000. Jumla ikawa 2,970,000, na nauli ya kurudi kwa ndege ilikuwa imekwisha kulipwa kando.

Watu wengi hapa huongeza asilimia kumi au kumi na tano ya dharura, kisha wanaona wamemaliza. Mimi nilimwomba aiache asilimia hiyo na badala yake akokotoe fedha za kumrudisha nyumbani: akiwa Lusaka, kadi imemezwa, simu imepotea, tiketi ya ndege haiwezi kutumika na kaka yake yuko safarini, atarudije Kampala kwa njia ya bei nafuu? Ni mabasi yale yale, 700,000, sawa na dola 195 hivi, pamoja na malazi na chakula cha siku tatu za njiani, ambavyo ni kama dola 100. Kwa hiyo alihitaji dola 300 taslimu, ambazo hazikuwa sehemu ya matumizi na hazikupaswa kuguswa kwa sababu nyingine yoyote. Bajeti yake halisi ikapanda hadi 4,050,000, na ni afadhali kuijua namba hiyo mapema nyumbani.

Dola hizo zinahitaji uangalifu wakati wa kuzinunua. Serikali ya Marekani huzihesabu noti zake zote, hata za zamani, kuwa halali, lakini katika eneo letu anayeamua ni mtu aliye nyuma ya dirisha la duka la kubadilishia fedha, na wengi wao hukataa noti zilizochapishwa kabla ya 2006 au hata 2009, au huzipunguzia bei. Mwaka huo umeandikwa upande wa mbele wa noti, karibu na picha, baada ya neno Series. Noti ya 100 iliyo salama zaidi ni ile yenye utepe mpana wa buluu unaopita wima katikati, ambayo ilianza kutolewa Oktoba 2013. Ukiwa bado dirishani, ishike kila noti kwenye mwanga na utazame kingo, kwa kuwa mchaniko mdogo, muhuri wa mfanyabiashara au alama ya kalamu vinatosha kuifanya ikataliwe Tunduma. Usione haya kumwambia muuzaji, "Dada, naomba unibadilishie hii." Binti yetu alichukua noti mbili za 100, moja ya 50, mbili za 20 na moja ya 10. Zile kubwa hununuliwa kwa bei nzuri zaidi mjini. Zile ndogo ni za kukutoa usiku mmoja bila kuvunja 100 kwa bei mbaya.

Asipange, hata hivyo, kulipia hoteli au basi kwa dola hizo. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Dola unaipeleka benki au kwenye duka lenye leseni, unabadilisha, kisha unalipa kwa shilingi.

Sasa nije kwenye fedha za matumizi, na hapa kanuni ninayoifuata ni kwamba kila fedha inunuliwe mahali inapozunguka kwa wingi. Shilingi ya Kenya inazunguka sana Kampala, kwa hiyo tofauti kati ya bei ya kuinunua na ya kuiuza kwenye maduka ya mjini ni ndogo. Ikiwa kiwango cha katikati ni 27.7, duka la Kampala linaweza kukuuzia kwa 28.1, wakati mbadilishaji wa kando ya barabara pale Busia atakutajia 29. Kwa shilingi 18,000, bei ya Kampala inakugharimu 7,200 juu ya kiwango cha katikati, na ya Busia 23,400. Ndiyo maana mpwa wangu alinunua shilingi zote za Kenya Kampala, tena akanunua 22,000 badala ya 18,000. Zile 4,000 za ziada zilikuwa na kazi yake: kule Namanga, ambapo shilingi ya Kenya hupata mnunuzi mara moja, alizibadilisha kwa 18.5 akapata 74,000 za Tanzania, zikamtosha siku ya kwanza bila kutafuta mashine usiku.

Shilingi ya Tanzania na kwacha ni habari nyingine. Kwacha utaitafuta Kampala na pengine usiipate, na ukiipata itakuwa kwa bei ya kukatisha tamaa. Hapa kadi ya benki ndiyo nafuu, lakini ukubwa wa kila utoaji ni jambo la msingi. Tuseme benki yako na benki yenye mashine zinakukata jumla ya 25,000 za Uganda kila unapotoa. Ukitoa fedha za thamani ya 100,000 umepoteza robo. Ukitoa za 700,000 umepoteza chini ya asilimia 4. Kwa hiyo toa mara chache, kiasi cha wiki nzima, mchana, kwenye mashine iliyo ndani ya jengo la benki ili ikimeza kadi kuwe na wa kumwambia. Mashine ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi za Uganda au kwa fedha ya nchi ulipo, chagua fedha ya nchi ulipo. Ukichagua za Uganda, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na huweka faida yake ndani. Kabla ya kuondoka iarifu benki yako nchi utakazopita, maana kadi inayotumika ghafla Arusha huweza kufungwa kwa kudhaniwa imeibiwa.

Kipande nilichokitaja mwanzoni, kile kirefu zaidi, ni cha kutoka Mbeya hadi Lusaka. Ukivuka Tunduma na kuingia Nakonde, una takriban kilomita 1,000 za barabara mbele yako, na basi likiharibika katikati hakuna atakayekuuzia chakula kwa kadi ya Kampala. Mashine zipo katika miji ya njiani, lakini sipangi safari ya mtu kwa kuzitegemea. Tulikokotoa nauli, chakula na siku moja nzima ya kukwama, tukapata kwacha 2,000. Kwa kiwango cha katikati kwacha moja ni shilingi 100 za Tanzania, nasi tukakadiria kuwa mpakani atauziwa kwa 108. Kwa hiyo alipotoa fedha kwa mara ya mwisho Mbeya, alihakikisha anabaki na 216,000 za kufanyia kazi hiyo peke yake.

Mpakani kuna tahadhari tatu nilizomsisitizia. Hesabu ifanyike kwenye simu yako, kamwe si kwenye kikokotoo cha mbadilishaji. Hesabu fedha zake kwanza na uziweke mkononi mwako kabla ya kutoa zako, na akizichukua tena "kuzihesabu upya" anza mwanzo kabisa. Tatu, zijue noti zinazotumika. Kenya iliondoa noti zake za zamani za 1,000 tarehe 1 Oktoba 2019, na Zambia ilileta noti mpya mwaka 2025 na kutoa muda wa mwaka mmoja wa kuziondoa za zamani. Kabla ya hapo, Januari 2013, Zambia ilikuwa imefuta sifuri tatu kwenye kwacha, kwa hiyo noti yenye maelfu ni karatasi tu. Picha za noti halali ziko kwenye tovuti za benki kuu. Zihifadhi kwenye simu kabla hujaondoka.

Kuhusu pesa za simu, Airtel ipo katika nchi zote nne, lakini laini ya Uganda inahitaji kuunganishwa na huduma ya nje ya nchi kabla ya kuvuka, na hata hapo mimi huihesabu kama njia ya kuomba msaada, si mfuko wa matumizi. Njia iliyo nyepesi zaidi ni ndugu aliye Kampala kumtumia fedha mwenyeji unayemwamini kule uliko.

Dola 300 alizishona ndani ya nguo na kadi akaiweka kwenye mkoba, ili mwizi wa kimoja asipate kingine. Kwacha zitakazobaki inafaa aziuze Lusaka kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na asiache sarafu, kwa sababu hizo hazinunuliwi na duka lolote la kubadilishia fedha ninalolijua Kampala.