Ndoo yenye jasho: nilivyojifunza kuuza yai stendi ya Msamvu

Wewe unayeanza na trei yako moja wiki hii, nikusimulie kwanza siku iliyonifundisha kazi.

Nilikuwa na miaka 15, nauza mayai ya kuchemsha stendi ya Msamvu, Morogoro. Naamka saa 10 alfajiri, nachemsha trei mbili kwa mpigo, mayai 60. Nayamwagia maji ya pipa yapoe haraka, nayatia yakiwa bado vuguvugu kwenye ndoo ya plastiki, nafunika mfuniko barabara vumbi lisiingie. Nilijiona msafi. Asubuhi biashara ilikwenda vizuri. Ilipofika saa 8 mchana, jua la Morogoro limekaza, basi la Iringa likasimama na mama mmoja mwenye mtoto mapajani akaninunulia mawili dirishani. Alipomenya la kwanza akalinusa, akalibonyeza kwa kidole. Ute ulikuwa unateleza kama umepakwa mafuta. Akanirudishia mkononi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hili ungempa mdogo wako?" Basi likaondoka. Sikuwa na jibu, na swali lake ninalo hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni mama aliyekuwa akiuza chai na maandazi pembeni mwa lango, ambaye kabla ya hapo alipika miaka mingi katika jiko la shule ya bweni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikamweleza. Hakunigombeza. Alifungua ndoo yangu, akanishika mkono, akaupitisha chini ya mfuniko. Ulitoka umelowa chapachapa.

"Maji haya umeyatia wewe?"

"Hapana, mama."

"Ni jasho la mayai. Umeyafungia na moto wake, sasa yanaoga humo tangu alfajiri."

Kisha akanieleza jambo ambalo wauzaji wengi wa stendi hawalijui. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Yai bichi lina utando mwembamba juu ya ganda unaoviziba, lakini ukilichemsha utando ule unaharibika. Zaidi ya hapo, yai la moto likipoa, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta kuingia ndani chochote kilichogusa ganda. Kwa hiyo yale maji ya pipa, ambayo kila mtu alichota kwa kopo lake, niliyanywesha mayai yangu mwenyewe. Halafu nikayafungia kwenye joto na unyevu, mahali ambapo vijidudu huzaana kwa kasi. Tunazoea kudhani yai lililochemshwa hudumu kuliko bichi. Ni kinyume chake.

Nilimuuliza nitumie dawa gani yakae mpaka jioni. Akasema dawa hakuna. Punguza muda ambao yai linakungoja. Yai lililopoa na kukaa nje bila barafu lina muda wa saa 2, na siku ya jua kali kama zile za Msamvu, saa 1. Katika jiko la shule walifuata hivyo. Mimi nilikuwa nauza mayai yenye umri wa saa 10.

Tukapanga upya. Nilinunua sufuria ndogo inayoenea mayai 15 yakiwa yamelala tabaka moja, na mama akaniruhusu kutumia jiko lake la mkaa kila linapobaki wazi, mradi nichangie mkaa. Nikaacha kuhesabu trei, nikaanza kuhesabu mabasi. Raundi mbili za kwanza zilikuwa za magari ya Dar yaliyoondoka alfajiri, ambayo yalipita kwetu asubuhi. Raundi ya tatu niliipika mchana kwa ajili ya Iringa. Ya nne sikuitia jikoni mpaka niwasikie wapiga debe wakisema magari ya Mbeya yanakaribia. Ni mayai 60 yaleyale, ila hakuna lililozeeka mkononi mwangu. Na siku ambayo magari yalichelewa, nilibaki na mayai mabichi, ambayo kesho yake bado ni mali.

Upishi wenyewe ni hivi. Anza kwa kuyajaribu mayai mabichi kwenye bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama wima ni la siku nyingi kidogo, linaloelea usilipike. Hii ni kwa sababu kadiri yai linavyokaa ndivyo hewa inavyoongezeka upande wa butu. Lililosimama usilidharau, maana humenyeka vizuri kuliko lililotagwa jana. Yai jipya kabisa hung'ang'ania ganda na mteja atakula nusu. Yaanze katika maji ya baridi yanayoyafunika kwa kina cha kidole, yachemke, kisha hesabu dakika 10 hadi 12. Lililopasuka jikoni liweke kando, ule wewe palepale, usilipeleke dirishani.

Ya kupoza yapozwe kwa maji yaliyochemshwa jana yake na kuachwa yapoe, kwenye beseni ambalo hulitumii kuoshea kitu kingine. Dakika 10 zinatosha. Kisha yapanguse kwa kitambaa kikavu, yakae kwenye kapu lenye matundu, juu ufunike chandarua chepesi. Kapu linapumua na nzi hawaingii.

Ukitaka kuyauza ya moto, usiyapoze kabisa. Yatoe jikoni moja kwa moja uyatie kwenye hotpoti. Kipimo changu ni kiganja: nikilikumbatia yai na kushindwa kulishika, bado lina moto. Likianza kushikika kwa raha, limeshaingia kwenye uvuguvugu, na hesabu ya saa imeshaanza kukimbia. Uvuguvugu ndio ulioniharibia lile yai la mchana.

Hotpoti ina usumbufu mmoja. Yai linaloendelea kupata joto huota duara la kijani au kijivu kuzunguka kiini, na abiria atasema limeoza. Halijaoza. Ni chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute. Mweleze kwa upole, au mbadilishie, kisha wakati mwingine punguza dakika jikoni. Lililoharibika kweli utalijua kwa utelezi na harufu, lakini usitegemee pua peke yake, kwa sababu yai linaweza kumuumiza mtu kabla halijanuka.

Ndiyo maana usimenye kabla mteja hajafika, hata kama basi linapiga honi. Mikono yako imeshika noti tangu asubuhi. Mimi nilibeba kidumu cha maji na sabuni, na yai nililimenya ndani ya kimfuko cha nailoni bila kuligusa, chumvi na pilipili nikazitia kwa kijiko.

Yaliyopitiliza muda usiyachemshe tena ili yarudi upya. Nilijaribu mara moja na mama akayamwaga mbele yangu. Alisema baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi, hata vyenyewe vikifa.

Mwezi uliofuata basi la Iringa lilisimama tena, saa 8 ileile. Kapuni nilikuwa na mayai tisa, niliyoyaepua wakati mama anapima majani ya chai ya mchana. Abiria wa dirisha la tatu alinyoosha mkono, akauliza, "Dogo, ya saa ngapi haya?" Nikamwambia saa 7 na nusu. Akachukua manne.