Kiwanja cha 50 kwa 100 kwa mnunuzi wa ng'ambo

"Tangazo la kiwanja cha Kitengela linasema 50 kwa 100, maji na umeme vipo. Kwa Kiingereza niandike thumni ya eka?"

Hapana, andika mita za mraba zilizomo kwenye hati. Futi 50 kwa 100 ni takriban mita za mraba 465, ilhali thumni kamili ya eka ni 506, na mnunuzi anayehesabu bei kwa mita atailipia ardhi isiyokuwepo. Hati ikisoma hekta 0.045, yaani mita za mraba 450, mwenye tangazo ndiye arekebishe, si wewe kimyakimya. Kuhusu umeme, muulize kama mita imefungwa au nguzo zinapita barabarani tu, kisha uandike hivyo hivyo. Maji vilevile, maana huenda ni ya boza.