Mkataba wa pango: mhuri wa mtaa, wakili na ushuru wa stempu

Swali la wiki: "Nimepata nyumba Buzuruga kwa miaka miwili. Mwenye nyumba ameandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, tumesaini wawili tu. Natamani yapite kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mwanasheria, ila naogopa ataona simwamini. Nimwambieje?"

Mwambie kabla hujampa kodi. Akishapokea ya miezi sita, ombi lako linageuka usumbufu kwake. Pesa ikiwa bado mkononi mwako, ni sehemu ya makubaliano. Anza na faida yake: "Shikamoo mzee. Kodi iko tayari. Naomba tuandikishiane mbele ya mwenyekiti, ili nikichelewa kulipa au nikiharibu kitu uwe na pa kunishika. Gharama nitabeba mimi." Akisita, mara nyingi hofu ni mbili: kwamba karatasi yenye mhuri itampa mpangaji haki juu ya nyumba, au kwamba watu wa kodi watamfuata. Ya kwanza inaisha kwa sentensi moja ndani ya mkataba: mpangaji hana umiliki wowote, na muda ukiisha anakabidhi funguo. Ya pili usimdanganye. Kipato cha pango kinatozwa kodi, uwe na mhuri au usiwe nao.

Kwa miaka miwili maandishi si hiari. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu pango la mwaka mmoja au pungufu liwe hata la mdomo. Zaidi ya hapo linatakiwa kuandikwa. Karatasi ya daftari ni maandishi, ndiyo, lakini siku mzee akisema "hii saini si yangu", au akifariki na watoto wake wakaja na mpangaji mwingine, utabaki wewe na neno lako.

Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wana jambo moja ambalo wakili wa mjini hana: wanajua kiwanja ni cha nani. Nyumba nyingi za zamani hapa Mwanza ni za urithi, na anayekusanya kodi anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Kama mwenyewe alishafariki, omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye asaini. Kama ni nyumba ya familia ya wanandoa, mke au mume naye aweke saini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake hata kwa kupangisha.

Wakili naye anathibitisha kwamba waliosaini ni wenyewe, wamesaini mbele yake. Ndiyo maana msisaini nyumbani kisha mmoja wenu akapeleka karatasi ipigwe mhuri. Mhuri wa namna hiyo unaanguka pale shahidi anapoulizwa tu, "Uliwaona wakisaini?"

Sasa kuna hatua ambayo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayouma mahakamani: ushuru wa stempu. Mhuri wa mwenyekiti au wa wakili hauchukui nafasi yake. Mkataba usiolipiwa ushuru huu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Tuseme kodi ni 250,000 kwa mwezi, yaani 3,000,000 kwa mwaka. Ushuru ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, hivyo 30,000. Nendeni ofisi ya TRA na mkataba pamoja na namba zenu za TIN, mpewe kontrol namba, mlipe benki au kwa simu. Fanyeni ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kwa 30,000, mpangaji akijitolea kuilipa, ubishi mwingi unaisha hapo hapo.

Karatasi yenyewe iwe nakala tatu: yako, yake, na ya shahidi. Kila ukurasa uwekwe saini za wote wawili, si wa mwisho peke yake, kwa sababu ukurasa wa kati ndio wenye kiasi cha kodi na ndio rahisi kubadilishwa. Nafasi tupu zipigwe mstari. Andikeni namba ya mita ya LUKU na uniti zilizosomeka siku ya kukabidhiana. Andikeni pia nani anabeba kodi ya jengo, maana inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, na anayenunua umeme ni wewe. Sentensi moja inatosha: "Kiasi kinachokatwa kitapunguzwa kwenye kodi ya pango."

Akikataa yote, bado mwombe mawili: mwenyekiti awe shahidi wa kuona pesa ikihesabiwa, na kila malipo yapite benki au simu, maelezo yakitaja "kodi ya nyumba" na miezi husika.