Mishipa ya shingo imejaa, mapafu ni safi: usikimbilie frusemaidi

Ujumbe ulionigusa wiki hii umetoka kwa daktari mwenzetu wa zamu ya usiku. Mama mmoja alifika akihema, mishipa ya shingo imesimama, mpigo 124 kwa dakika, presha 96/70. Wakaona moyo umechoka, wakamchoma frusemaidi miligramu 40. Saa moja baadaye presha ilikuwa 74/58. Daktari anauliza wamekosea wapi.

Jibu lilikuwa kifuani. Mapafu yake hayakuwa na mikwaruzo hata kidogo. Mgonjwa anayehema, shingo imejaa, presha inashuka na mapafu ni safi, lazima umfikirie maji yaliyobana moyo. Kwa kawaida mfuko wa moyo una maji kidogo tu, hayazidi mililita 50 hivi. Yakijaa polepole kwa majuma, kama kwenye kifua kikuu au saratani, mfuko hutanuka na unaweza kubeba hata lita nzima. Yakija ghafla, kama damu ya jeraha, mililita 200 zinatosha kuua. Kwa hiyo usihukumu kwa wingi wa maji. Hukumu kwa namna moyo unavyoshindwa kujaa. Moyo uliobanwa hujazwa kwa nguvu ya damu inayorudi kutoka mwilini, na frusemaidi inaipunguza damu hiyo hiyo.

Kipimo ambacho kingemwokoa mama huyu na ile sindano hakihitaji umeme. Mlaze nusu ameketi, apumue kawaida, asivute pumzi kwa nguvu. Tumia mashine ya presha ya mkono, si ya kidijitali. Jaza mkanda hadi 20 juu ya presha yake ya juu, kisha achia hewa taratibu sana, kama milimita 2 kwa kila pigo. Sauti za kwanza zitasikika anapotoa pumzi tu, zikipotea anapovuta. Andika namba hiyo. Endelea kushusha mpaka usikie kila pigo, akivuta na akitoa. Andika ya pili. Tuseme kwa mama huyu, kabla ya frusemaidi, ya kwanza ingekuwa 96 na ya pili 78. Tofauti ni 18, na ikizidi 10 si ya kawaida. Hiyo ndiyo palsasi paradoksasi. Akivuta pumzi, upande wa kulia wa moyo hupokea damu zaidi, lakini ukuta wa nje umebanwa, basi kiwambo cha kati kinasukumwa kushoto na upande huo unakosa nafasi. Wengi wanakosea kwa kuachia hewa haraka. Namba zote mbili zinapita bila kusikika.

Pumu kali nayo huleta tofauti hiyo. Na mwenye vali ya aota inayovuja, au ambaye presha imeshaanguka mno, anaweza kubanwa bila kuionyesha. Kutoipata hakumtoi mgonjwa hatarini.

Ukishashuku, weka altrasaundi. Maji yakizunguka moyo na chumba cha kulia kikabonyea wakati wa kujaa, ita mwenye ujuzi wa kutoa maji sasa hivi. Wakati unasubiri, kama amekauka, mpe dripu ya mililita 250 hadi 500. Epuka kumtia mpira wa koo na mashine ya kupumua ukiweza, kwa kuwa hewa inayosukumwa kifuani huzuia damu kurudi, na moyo unaweza kusimama mezani.

Sindano ipite pale altrasaundi inapoonyesha maji mengi zaidi na karibu zaidi na ngozi. Kama ni chini ya chembe cha moyo, choma ganzi, ingia kati ya ncha ya kidari na ukingo wa mbavu za kushoto, mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ukielekea bega la kushoto, ukivuta bomba muda wote. Ikitoka damu, usisukume wala usipitishe katheta kabla ya kujua uko wapi: ingiza mililita chache za maji ya chumvi yaliyotikiswa, utazame mapovu kwenye skrini. Yakionekana ndani ya chumba cha moyo, umetoboa moyo.

Mililita 50 za kwanza mara nyingi hupandisha presha mbele ya macho yako, na mpigo huanza kutulia. Hapo pitisha waya, kisha katheta. Usikaushe mfuko wenye maji mengi kwa mkupuo mmoja. Usizidishe lita moja mwanzoni, maana moyo unaweza kushindwa ghafla baada ya kufunguliwa. Katheta ibaki hadi yanayotoka kwa saa 24 yawe chini ya mililita 30 hivi.

Chanzo kikiwa aota iliyochanika au jeraha la kisu, mahali pake ni chumba cha upasuaji. Hapo sindano ni ya kutoa kiasi kidogo tu, ili mgonjwa afike huko akiwa hai.