Mwaka wa kuzaliwa wa bibi asiye na cheti

Swali: Bibi anasema vita vya Hitler vilipoisha alikuwa msichana mdogo. Nitajuaje alizaliwa mwaka gani?

Jibu: Usimuulize alikuwa na umri gani, atakubahatishia. Muulize mwili wake ulikuwaje. Askari waliporudi kutoka vitani, meno ya mbele yalikuwa yameng'oka? Alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni? Meno hayo hung'oka kwenye miaka 6 au 7. Vita viliisha 1945, lakini askari wengi walifika nyumbani 1946. Akikumbuka pengo na askari kwa pamoja, kazaliwa kati ya 1938 na 1940.

Kisha mpime kwa tukio la pili. Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, kifungua mimba wake alikuwa anatambaa au anakimbia? Kama hesabu inamfanya awe amezaa akiwa na miaka 12, tukio mojawapo limekosewa. Mara nyingi kosa ni kwamba alisimuliwa, hakuliona. Njaa na nzige ndio wabaya zaidi, maana walikuja zaidi ya mara moja.

Mchangiaji: Kwani kitambulisho hakina tarehe? Cha babu kimeandikwa 1 Januari 1935, nikamaliza.

Jibu: Siku na mwezi huo mara nyingi hujazwa tu pale mtu asipojua. Mwaka unaweza kuwa sawa, ila ulinganishe na wa ndugu zake: nani alimbeba nani?

Mchangiaji: Wa kwetu wote wamefariki.