Harufu ya samaki katika friji haikai hewani

Swali: Kaka fundi, tulisafiri siku nne, nyuma umeme ukakatika, vibua na vipande vya nguru vikaozea kwenye friza. Nimeosha kwa sabuni na blichi, nikaweka ndimu, mkaa na kahawa, lakini kila nikifungua mlango harufu ipo, na mpira wa mlango ndio unaonuka zaidi. Fundi mmoja amesema gesi inavuja. Nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, gesi haihusiki. R134a na R600a, ambazo ndizo gesi zinazopatikana katika friji nyingi za majumbani, hazinuki samaki wala kitu kilichooza, na friji inayovujisha gesi hujulikana kwa kushindwa kupoza. Kama yako inapoza vizuri, usimlipe mtu kwa kuijaza.

Jambo ninalokutana nalo karibu kila wiki, na ambalo linanisikitisha kuliko yote, ni imani kwamba harufu imebaki hewani ndani ya friji na kwamba inatosha kuweka kitu cha kuinyonya. Hewa ya friji hubadilika kila unapofungua mlango. Ikiwa harufu inarudi baada ya saa chache, maana yake yapo majimaji ya samaki yaliyokaukia mahali fulani na yanaendelea kuitoa. Mkaa hunasa harufu iliyokwisha kutoka, lakini chanzo hauwezi kukigusa. Kahawa huifunika tu. Kuhusu ndimu, kumbuka mtu aliyemaliza kupara samaki: huikamulia ndimu mikononi na kusugua, haiweki mezani akasubiri mikono itakate. Bakteria wanapoozesha samaki wa baharini huzalisha kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo huvunjwa nguvu na asidi, lakini asidi hiyo lazima iguse mahali penyewe. Kipande cha ndimu kwenye rafu hakigusi chochote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta. Chomoa friji kwenye umeme, toa droo na rafu zote, kisha uifunge kwa saa tatu au nne ipate joto, kwa sababu baridi huficha harufu. Chukua vipande vya pamba vilivyoloweshwa maji ya vuguvugu, futa kila sehemu kwa kipande chake, na unuse kimoja kimoja: mikunjo ya mpira, hasa upande wa chini wa mlango, reli za droo, tundu la kuondolea maji, na bakuli lililo nyuma juu ya kompresa. Pamba itakuonyesha pa kuhangaika napo.

Mpira wa mlango ni plastiki laini yenye mikunjo, na ndani yake umepita ukanda wa sumaku. Majimaji yakimwagika hutiririka hadi chini na kutuama kwenye mkunjo wa ndani, mahali ambapo kitambaa kinachopita juu juu hakifiki. Katika friji nyingi mpira umebanwa tu kwenye mfereji, hivyo unaweza kuuvuta taratibu kuanzia kwenye kona hadi utoke wote. Ukiona skrubu au ukiona unagoma, usilazimishe, usafishe ukiwa mlangoni kwa kufunua kila mkunjo kwa kidole. Uloweke kwa dakika 15 katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, usugue kwa mswaki wa zamani, kisha uusuuze. Sabuni hutangulia kwa sababu samaki ana mafuta, na siki haiwezi kupenya mafuta hayo. Na kwa kuwa wewe umekwisha kutumia blichi, hakikisha umesuuza kila mahali kwa maji mengi kabla siki haijafika hapo.

Baada ya hapo changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, paka kwenye mikunjo, uache dakika 10, kisha ufute kwa maji matupu na ukaushe kabisa. Fanya vivyo hivyo kwenye kuta za ndani na reli. Unaporudisha mpira, anza na kona nne. Kisha fungia mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute, ukirudia kuzunguka mlango wote: kikichomoka bila kukaza, mpira haujakaa sawa hapo, na maji ya moto kiasi juu ya kitambaa yatausaidia kurudi katika umbo lake. Mpira uliopasuka au wenye weusi ulioingia ndani haufai kuokolewa, ununue mwingine unaolingana na modeli ya friji yako.

Sehemu inayosahauliwa na karibu kila mtu ni njia ya maji. Mwaka jana niliitwa kwa familia iliyokuwa imeteseka na harufu kwa mwezi mzima, na ndani ya friji yao palikuwa pasafi kabisa. Nilipoigeuza nikakuta bakuli la juu ya kompresa lina utando wa kahawia uliokauka, na magamba mawili ya samaki yamenasa ndani yake. Majimaji yalikuwa yamepita kwenye tundu dogo lililo nyuma ya sehemu ya chini, yakashuka kwa mrija hadi bakulini, na joto la kompresa likawa linayapasha kila siku na kusambaza harufu jikoni. Nililiosha bakuli, nikasukuma maji ya vuguvugu yenye sabuni katika tundu kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka yakatoka safi, nikamalizia kwa siki iliyochanganywa na maji. Siku ya tatu harufu haikuwapo.

Kama friza yako haigandi barafu ukutani, ina feni na koili nyuma ya paneli, na majimaji huweza kuingia huko. Dalili yake ni harufu kuzidi feni inapozunguka. Hapo mwite fundi afungue paneli, maana kuna hita na nyaya. Na ikiwa ukuta wa ndani una ufa na majimaji yamefika kwenye sponji ya kuzuia joto, hakuna usafi utakaoyatoa.

Ukimaliza, iache friji wazi siku mbili au tatu, mlango ukiwa umezuiwa kwa kipande cha mti na watoto wakiwa mbali, kwa sababu mtoto akijifungia humo hukosa hewa. Wakati huo mkaa unafaa, kwa harufu kidogo iliyobaki kwenye plastiki.

Sasa nawaambia na wengine wanaosoma. Wapo wanaouza chupa za dawa ya harufu zisizo na maelezo ya kilichomo, na wapo wanaoshauri kumimina blichi na siki kwa pamoja ili zipate nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na ndani ya kasha la friji ambamo umeingiza kichwa hakuna pa kuikwepa. Wengine huingiza chetezo na kufukiza udi ndani ya friji. Kaa la moto huyeyusha plastiki na moshi hukwama kwenye mpira uleule unaotaka kuusafisha. Tena, tazameni kibandiko kilicho nyuma au ndani ya friji: kikiwa na maandishi R600a, gesi yake inawaka, na ikiwa bomba limetoboka, kaa hilo linaweza kulipua friji mkiwa mmesimama mbele yake.